Kofia za Kaka Zilizotoka Kwenye Duara

Kaka yangu aliniletea kitambaa chekundu kwenye kibanda changu cha kushonea, Buzuruga, miezi michache kabla homa haijamchukua. Alikuwa kiongozi wa kikundi cha ngoma, na alitaka niwashonee wenzake wanne kofia ndefu zenye ncha kama yake. Nilimjibu kwamba mimi nashona magauni, sishoni kofia. Ukweli ni kwamba sikujua kuzishona, na niliona haya kusema hivyo mbele ya mtu aliyeishia darasa la tatu.

"Basi, mdogo wangu," alisema. "Fundi ni wewe. Mimi najua ng'ombe tu."

Aliniachia kitambaa. Alipofariki kilikuwa bado kimekunjwa chini ya cherehani.

Ilikubaliwa nyumbani Kiseke kwamba siku ya kumaliza matanga kikundi chake kingemchezea. Zilibaki siku mbili. Kitambaa kingine cha aina ile hakikupatikana. Mitumba ilikuwa imejaa mjini, na maduka ya vitambaa yalikuwa yakifungwa moja baada ya jingine. Nilikuwa na kipande kile tu, upana sentimita themanini, urefu mita moja na sentimita ishirini.

Kofia ile ukiitazama ubavuni unaona pembetatu. Basi nikakata pembetatu: pande mbili za sentimita thelathini na tano, chini hamsini na tano, kwa sababu ndicho kipimo cha kuzunguka kichwa. Nilikuwa na haraka, sikujaribu kwanza kwenye karatasi. Nikaunganisha pande mbili, nikageuza.

Nyuma, kwenye mshono, kofia ilishuka sentimita thelathini na tano. Mbele ilifika ishirini na mbili tu. Mzee mmoja wa kikundi, aliyekuja kupimwa kichwa, aliishika kwa vidole viwili.

"Binti, hii ni kofia au sikio la mbuzi?"

Nikamwambia naweza kuukata ukingo ukawa sawa. Nikakata, nikapima. Zilibaki sentimita thelathini na tisa kuzunguka. Ingemtosha mtoto mchanga. Mzee hakucheka tena. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama awaambie wenzake wasije.

Kofia ya kaka ilikuwa imetundikwa msumarini chumbani kwa mama. Alikuwa ameishona mwenyewe kwa mkono, na hakuna aliyeigusa tangu mazishi. Nilimweleza mama kwamba bila kuifumua sitaweza kushona nyingine. Aliitoa msumarini na kunipa bila kunitazama.

Ilikuwa na mshono mmoja tu. Niliukata uzi wake tundu kwa tundu, nikakilaza kitambaa mezani. Haikuwa pembetatu. Pande mbili zilikuwa zimenyooka, lakini chini palipinda kama ukingo wa sinia. Nikapima kutoka kwenye ncha hadi ukingoni, katikati, kulia, kushoto: kila mahali thelathini na tano. Na penye ncha palikuwa na tobo dogo la msumari.

Nikaelewa. Alipigilia msumari, akafunga kamba yenye mkaa mwishoni, akauzungusha. Kofia ilikuwa kipande cha duara, na ncha yake ndiyo kitovu cha duara hilo. Kwa kuwa ukingo wote uko umbali mmoja kutoka kitovuni, hauwezi kupanda mbele wala kushuka nyuma.

Nilikumbuka hesabu za darasa la saba. Duara lenye nusu kipenyo cha thelathini na tano lina mzingo wa mia mbili na ishirini. Kichwa ni hamsini na tano. Hiyo ni robo kamili. Nilifaulu lile somo kwa alama nzuri na sikuwahi kuliona kwenye nguo. Mchunga ng'ombe niliyemwonea aibu alikuwa ameliona.

Baada ya pembetatu yangu kitambaa kilikuwa kimebaki urefu wa sentimita tisini na tano. Nikapima miraba minne ya sentimita arobaini, na katika kila mmoja nikazungusha robo duara kwa kamba, nikiacha sentimita moja na nusu za mshono kila upande na mbili za pindo chini. Zote nne zilitosha. Mpiga ngoma alikuwa na kichwa cha hamsini na nane, kwa hiyo tao lake nililiongeza sentimita tatu, nikila ule ukanda wa kitambaa uliosalia nje ya miraba.

Jioni ile nilizisimamisha mezani. Hakuna iliyoinama. Mzee alivaa yake, akazunguka mara moja, akasema, "Sasa tutamchezea."

Ya kaka niliishona ya mwisho, kwa mkono, sindano ikipita kwenye matundu yaleyale aliyoyatoboa yeye. Mama alikaa karibu yangu mpaka nikafunga fundo. Sikumwambia kwamba kaka aliniomba kofia hizi akiwa hai. Namwandikia mama haya sasa, ajue.