Upenyo wa Mama Mkwe

Mimi si mtu wa kutulia. Mke wangu husema hata nikiketi, mguu wangu mmoja unaendelea na safari. Miezi ile ya kujenga zizi la mama yake ndiyo ilinimaliza kabisa. Kule nyumbani, mtaani Makomeno, nilikuwa naamka, nazunguka uani, narudi kitandani, nafumba macho, na kila nikiyafumba namwona ng'ombe akigeuka.

Mama mkwe wangu ni mjane. Ana kundi dogo la ng'ombe nje ya mji, mbele kidogo ya Kasapa, aliloanza kulikusanya na marehemu mumewe alipostaafu kazi ya reli. Mchungaji wake aliacha fimbo akaenda kuchimba shaba na wenzake, na hakuna aliyemlaumu. Daktari wa mifugo naye, baada ya kuburutwa na fahali aliyefungwa kamba tu, alisema wazi kwamba hatachanja tena pale mpaka pawe na mahali pa kuwabania wanyama. Shemeji zangu wakaanza kusema wauzwe. Mama hakubishana nao. Alimtuma mke wangu aniulize kama naweza kuchomelea zizi ambalo watu wawili tu wanaweza kufanyia kazi. Watu wenyewe ni mimi na yeye.

Nilikubali haraka, kama kawaida yangu, kisha nikaanza kuumwa kichwa. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hamketi benchi moja, hamshikani mikono, mkikutana njiani mmoja anapisha. Nikiwa na kitu cha kumpa nakiweka chini, naye anakiokota nikishasogea. Sasa watu kama hao watamkamata vipi ng'ombe mmoja?

Nikachora zizi lenye umbali ndani yake. Ng'ombe wanaanzia kwenye zizi la kungojea, wanaingia wachache wachache katika kizizi kidogo cha mviringo chenye lango refu la kuwasukumia, na kutoka hapo wanashika korido. Korido niliifanya nyembamba, ng'ombe mzima apite lakini asiweze kugeuka. Pande zote mbili nilizifunika kwa mikanda ya mpira iliyochakaa, ile ya kubebea mawe migodini, kwa sababu ng'ombe akiona mtu anatembea pembeni anagoma. Sakafu ya zege niliikwaruza ikiwa bado mbichi ili kwato zisiteleze. Mwisho wa korido kuna kibanio cha shingo ninachokifunga kwa mkono wa chuma nikiwa nje, na ubavu mmoja unafunguka, ng'ombe akianguka atolewe. Nyuma ya ng'ombe aliyebanwa, watu wengi huingiza mti na kuushika kwa mkono. Mimi niliukataa. Ng'ombe akirudi nyuma kwa nguvu, mti ule unamvunja mkono aliyeushika. Niliweka lango la kuteleza lenye pini. Mimi nikae mbele, kwenye kibanio, mama akae nyuma kwenye kizizi, korido nzima iwe kati yetu. Nilijiona mjanja sana.

Kilibaki kitu kimoja. Anayesukuma ng'ombe kwenye kizizi lazima awe na pa kukimbilia. Unaacha upenyo kati ya nguzo mbili, mtu apite kiubavu, ng'ombe asipite. Hapo unahitaji kujua unene wa mtu mwenyewe, na mtu mwenyewe ni mama mkwe. Nikamwomba mke wangu ampime kwa kamba.

Kamba ilirudi ikiwa na fundo la kuonyesha unene. Niliitazama, nikamtazama mke wangu.

"Njo hii?" nikauliza kama ndiyo yenyewe.

"Njo ile alinipatia. Alikatala nimupime, alijipima yeye mwenyewe ndani ya chumba."

Mama ni mwanamke wa uzito, Mungu amzidishie. Kamba ile ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. Lakini utarudishaje ujumbe kwa mama mkwe kwamba yeye ni mnene kuliko alivyosema? Nikachimba mashimo, nikasimamisha nguzo kulingana na fundo, nikamwagia zege. Usiku nikazunguka uani.

Siku moja kabla ya daktari kuja tulijaribu. Ilikuwa wakati wa baridi, mama amevaa sweta mbili na vikwembe viwili vya kujifunga. Ng'ombe wa kwanza waliingia vizuri, kibanio kikafunga, kikafungua, wakatoka. Nikaanza kupiga mluzi. Halafu akaja yule mwekundu mwenye pembe, aliyekuwa amezaa karibuni. Ndama wake alikuwa amebaki nyuma, upande wa pili wa uzio, akalia. Ng'ombe alikuwa bado hajaingia koridoni. Aligeuka palepale kwenye kizizi, na kati yake na ndama alisimama mama.

Mama alikimbilia upenyo kama tulivyokubaliana, akatoa bega, akatoa titi na tumbo, kisha nyonga zikakwama. Nusu ya mama mkwe wangu ilikuwa nje ikinitazama, na nusu ilikuwa ndani na ng'ombe.

Mimi nilikuwa nimeshakimbia kutoka kwenye kibanio, nimefika nje ya upenyo. Nasema ukweli: mikono yangu ilisimama hewani. Ng'ombe anakuja, nami nawaza nimshike wapi. Ni muda mdogo sana, lakini mpaka leo unanikera, na nikiukumbuka nainuka nilipoketi. Kisha nikamkumbatia mama mkwe wangu kiunoni kwa mikono miwili na kuvuta kwa nguvu zangu zote. Tulianguka pamoja. Nguzo ikalia kwa pembe, na kikwembe cha juu kikabaki ndani kikikanyagwa.

Tukainuka. Kila mmoja akaangalia upande wake. Yeye akaenda kuketi juu ya ndoo, mbali, nami nikawa natembea kwenda na kurudi kando ya uzio. Mwishowe nikasema, bila kumtazama, kwamba nitaleta kuku wa kuomba radhi kwa kumgusa, kama desturi inavyotaka.

"Kuku mutaleta," akasema. "Ile kamba, baba. Nilipima mutoto wangu wa mwisho, ule mwembamba."

"Juu ya nini, mama?"

"Nilisikia haya. Mukwe ajue unene yangu?"

Hasira ikanipanda mpaka masikioni. Nilimwambia kwamba angekufa. Nilimwambia kwamba zizi lote nimelijenga ili asife, na yeye ananiletea kamba ya mtu mwingine. Sauti yangu ilikuwa juu, na sikuwahi kumpandishia sauti. Mara nikaishusha, kwa kuwa niliijua kamba ile ni ya uongo siku ilipofika, nami nilinyamaza kwa haya hiyohiyo.

Mama aliinuka, akaja mpaka kwenye nguzo, akavua sweta moja, akaifikiria, akaivaa tena. Akainua mikono.

"Mupime," akasema. "Na masweta. Baridi inarudiaka kila mwaka."

Nilitoa meta mfukoni. Nilipima kutoka mgongoni hadi tumboni, kisha kwenye nyonga. Nilimsomea namba kwa sauti ya chini. Nikamwambia tatizo lililobaki: upenyo wa ukubwa huo, ng'ombe hatapita, lakini ndama atapita.

"Ndama akitoka tutamukamata," akasema. "Miye nikibakia ndani, mutanikamata na mikono gani?"

Nikachukua msumeno wa chuma, nikapiga magoti mbele yake, nikaanza kukata nguzo moja ya upenyo ili niisogeze. Mama hakusogea kunipisha. Aliishika kwa juu, isicheze.