Kabla ya Swali la Kwanza

Mugure alianza kazi ya simu miezi minne baada ya kumzika mumewe. Ndungu alikuwa dereva wa lori, na siku moja katika msafara wa kwenda Wajir lori lake lilikanyaga bomu lililofukiwa barabarani. Habari ilimfikia Mugure akiwa kazini, katika ofisi ya serikali alikokuwa akipiga chapa. Kwenye simu, sauti asiyoijua ilimsomea jina, namba ya lori na mahali, kisha ikamuuliza kama ameelewa. Akajibu ameelewa. Tangu siku ile mwili wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa hadi ukafa ganzi. Alipika, alifua, alimsuka binti yake Wamucii nywele, lakini hakuna kilichomfikia.

Aliacha kupiga chapa kwa sababu hakuweza tena kukaa karibu na simu ile. Hata hivyo kazi aliyoipata baadaye ilikuwa ya simu vilevile. Watu walishangaa, yeye hakushangaa. Simu hii ilikuwa nyingine.

Kampuni moja ya sabuni ilitaka kujua wenye maduka wa Isiolo husikiliza redio saa ngapi, ipate kupanga matangazo yake. Miaka mingine wangetumwa watu wenye madaftari wapite duka kwa duka. Lakini ule ulikuwa mwaka wa sitini na saba, vita vya shifta, waasi waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia, havijaisha, na mgeni anayezunguka mjini akiuliza maswali angeulizwa yeye kwanza. Kwa hiyo watafiti wa Nairobi walimtuma msimamizi wao, Githae, akatafuta mkazi wa hapo hapo, akampata Mugure, akampa chumba cha nyuma katika ofisi ya wakala wa sabuni, meza, kitabu cha simu na karatasi moja.

“Kazi yenyewe ni haya maneno ya kufungulia,” Githae alimwambia. “Mtu akikata simu, hukata hapa, kabla hujafika swali la kwanza. Soma kama unayeongea. Na usibadilishe neno, Mama Wamucii, kwa maana kila mtu lazima aulizwe sawa na mwenzake.”

Karatasi ilisema hivi: “Habari. Jina langu ni Mugure, napiga simu kutoka hapa Isiolo kwa niaba ya watafiti wa Nairobi. Tunawauliza wenye maduka kuhusu redio. Siuzi kitu. Namba yako nimeitoa katika kitabu cha simu. Maswali yatachukua dakika kumi. Jina lako halitaandikwa, na majibu yako ni siri. Si lazima ujibu, na swali usilolitaka tutaliruka. Je, tuendelee?”

Chini yake kulikuwa na maelekezo. Akisema ana wateja, muulize saa atakayokuwa na nafasi, umpigie saa hiyo. Akisema hataki, mweleze mara moja tu kwa nini maoni yake yanahitajika. Akikataa mara ya pili, mshukuru, weka simu, andika “amekataa”, wala usimrudie.

Siku ya Jumatatu alizungusha mkono wa simu. Kobia, opereta wa posta, akaitikia, “Namba?” Mugure akaitaja, Kobia akamuunganisha. Ikawa hivyo siku nzima. Sauti yake isiyo na joto wala baridi ilimfaa. Hakubembeleza mtu, na watu walimwamini kwa sababu hiyo hiyo. Jasper, Mmeru aliyeuza majembe na mbegu karibu na soko, alijibu yote huku akicheka. Kwenye swali la saba, unasikiliza stesheni gani, alisema jioni hushika ile ya Somalia, ng'ambo ya mpaka, kwa ajili ya muziki. Mugure akaandika.

Alhamisi ilikuwa zamu ya Molu, Mborana aliyekuwa na duka la ngozi na unga, mwenye ndugu kule Merti ambao walikuwa wamekusanywa na serikali, wao na mifugo yao, ndani ya uzio.

“Salaam aleikum, mzee,” Mugure alianza, ingawa karatasi ilisema habari. Akasoma hadi mwisho.

“Mama, mimi sitaki,” Molu alisema. “Nafunga simu.”

“Sawa, mzee. Nikueleze jambo moja tu. Wenye maduka ya hapa ni wachache. Ukikosekana wewe, watapanga bila kujua watu wako wanasikiliza saa ngapi. Na majibu yako ni siri.”

“Siri ya nani?”

“Yangu na yako.”

“Na huyu aliyetuunganisha, yeye ameziba masikio?”

Mugure aliipitia karatasi tena akitafuta jibu hilo. Akaigeuza, nyuma palikuwa peupe.

“Jasper alikujibu Jumatatu,” Molu aliendelea, taratibu kama anayepima unga. “Jumanne askari walikuja, wakachukua redio, na yeye wakamchukua. Hukuona duka limefungwa?”

Alikuwa ameliona. Alipita mbele yake jana na leo, akaona kufuli, akaenda zake. Hakujiuliza kitu. Sasa alikaa na chombo sikioni, akasubiri moyo umshtuke. Haukushtuka. Lakini mkono ulichukua penseli, ukayakata kwa mstari maneno yale ya siri.

“Mzee, nimesema uongo bila kujua,” alisema. “Siwezi kukuahidi siri. Simu hii inapita posta. Kata ukitaka, nitaandika umekataa, na hakuna atakayekupigia tena.”

Mugure aliisikia mizani ikigonga dukani kwa Molu.

“Hilo la saa, niulize,” Molu alisema mwishowe. “La stesheni liruke.”

Akamuuliza la saa. Akaliruka la saba.

Walipomaliza alizungusha tena mkono wa simu. “Kobia, wewe husikiliza?”

“Lazima niingie kidogo nijue kama mmemaliza,” Kobia alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, “Na kuna watu huja kuniuliza nimesikia nini. Nina watoto, Mugure.”

“Haya,” alisema, akaweka simu.

Aliendelea hadi Jumamosi kwa maneno mapya: Simu hii inapita kwa opereta, usiseme usilotaka lisikike. Wengi walijibu, na karibu wote waliliruka la saba. Githae alipokuja alilipitia rundo la karatasi, uso ukamkunjamana.

“Umeharibu kipimo. Wa kwanza waliulizwa hivi, wa mwisho vile.”

“Ndiyo.”

“Kwa nini hukunipigia?”

“Ningekupigia kupitia kwa nani?”

Githae alimtazama, akaitazama simu. Mugure akamweleza yaliyompata Jasper. Githae akazichambua karatasi, akatoa zile za kabla ya Alhamisi, akachana sehemu ya swali la saba katika kila moja na kuitia jikoni kwa wakala, penye moto wa chai. Isiolo, alisema, itaandikwa kuwa haikukamilika. Kazi ilikuwa imeisha.

Jumatatu iliyofuata duka la Jasper lilikuwa wazi. Mugure aliingia. Jasper alikuwa akipanga majembe, jicho moja limevimba, na kwenye rafu palikuwa na duara safi lisilo na vumbi pale redio ilipokuwa.

“Ni mimi niliyekuuliza,” alisema.

“Najua. Sauti yako naijua.”

“Nilikuambia ni siri.”

Jasper aliendelea kupanga. “Walinirudishia kibali cha duka. Redio, bado.” Akasogeza kigoda kwa mguu. “Kaa, mama. Umetembea juani.”

Mugure akakaa. Mteja aliingia akataka mbegu za maharagwe, Jasper akampimia, mteja akatoka. Mugure alibaki pale mpaka jua lilipofika mlangoni, akainuka, akaenda kumchukua Wamucii shuleni.