Ombi la Ukurasa wa Tisa

Tuliwaandikia wabunge kuhusu maji machafu ya mji wetu wa Likasi. Mwenyekiti wa kamati yetu, mwalimu mstaafu, alijaza kurasa nane kwa historia ya mabomba tangu enzi za Wabelgiji. Pendekezo, kwamba dawa ya kusafisha maji iingizwe kwenye bajeti, lilikuja ukurasa wa tisa.

Nililichapa ombi upya kwa taipureta: pendekezo juu kabisa, sababu chini yake, historia mwishoni. Mwenyekiti akaichana karatasi yangu.

“Weye unaomba mbele ya kusalimia? Hauna adabu!”

Mbunge mmoja alipofika kwenye kikao chetu, alifunua kurasa za mwenyekiti, akachoka.

“Munataka nini?”

Mwenyekiti akaanza na Wabelgiji. Nikatoa nakala yangu ya kaboni. Mbunge aliisoma amesimama, akaitia mfukoni, akaondoka.

Tangu siku ile, yule bwana wa adabu hanisalimii.