Mbuzi Hakutajwa

Akiomba kazi, jirani yetu wa chumba cha kona hunyoosha shati kwa pasi mpaka nzi akitua juu yake anateleza na kuvunjika mguu. Jana simu yake ililia. Akausoma ujumbe, kisha akajishika kifua kama aliyepigwa teke na punda. Dada yake Dzifa akaacha kusonga banku, ugali wa unga uliochachuka.

"Wamesemaje, kaka?"

"Eti mimi si kitu. Sina akili. Nitazeeka hapa na mbuzi wako."

"Ao! Mbuzi wangu wamemjulia wapi? Hebu soma neno kwa neno."

Akasoma: "Nafasi tumempa mwombaji mwingine. Asante."

"Na mbuzi?"

Akaipekua skrini nzima kwa kidole. "Hayumo."

"Na akili yako?"

"Haimo."

"Basi hayo umejiandikia mwenyewe. Kuuma kunauma, mwili haujui teke na kukataliwa ni vitu viwili. Lia. Ila mwalimu wako Agbeko naye aliomba kazi, kakosa. Naye si kitu?"

"Aa, yule? Yule ana akili sana!"

"Ehee."

Alilia, akala, akalala. Asubuhi alikuwa na pasi mkononi, na mbuzi akaja kunusa kola.

"Toka hapa! Wewe hata hukutajwa."