Upindo Uliosubiri Miguu

Fundi wa magauni alikuwa na kanuni moja: hashoni upindo wa chini mpaka bibi harusi asimame mbele yake, kavaa viatu vya siku hiyo. Ndiyo maana asubuhi ya mgomo wa mabasi gauni la binti wa kaka yake lilikuwa bado limening'inia chumbani, pindo lake likishikwa na pini tu. Harusi ilikuwa mchana huo, upande wa pili wa mji.

"Wifi, mpe kijana wa pikipiki alilete," mama wa bibi harusi alisema kwenye simu. "Upindo umalizie huko huko."

"Kwa kipimo cha miguu ya nani? Nakuja."

Akalizungushia gauni shuka jeupe, akalilaza begani, akatoka. Barabara ilikuwa ya waenda kwa miguu. Honi za mji zilikuwa zimenyamaza, zikasikika nyayo tu, na watu wasiojuana walisalimiana kama waliofiwa pamoja.

Penye kituo cha mafuta, gari la mikate lilikuwa likipakia watu wa kuchangia mafuta. Fundi akabanwa kati ya mhasibu mmoja aliyekuwa akienda kazini na makreti matupu.

"Mama, hiyo ni maiti au mgonjwa?" dereva aliuliza.

"Bibi harusi. Asikanyagwe."

Wakacheka, wakasogeana. Lakini kwenye mzunguko wa barabara, wagomaji walikuwa wameyapanga mabasi yao matupu kukata njia zote. Dereva akazima injini.

"Watafungua tu. Subira yavuta heri, mama."

"Heri yangu haina subira leo," fundi alijibu, akashuka.

Njia anayopita akienda kununua vitambaa aliijua: nyuma ya maghala, kando ya reli, kisha daraja la waenda kwa miguu. Kwenye ngazi za daraja mhasibu, aliyekuwa ameshuka nyuma yake, aliinua ncha ya shuka isiguse vumbi. Ng'ambo, mwenye teksi alikuwa akijaza watu wa njia moja; wakaingia wote wawili.

Alimkuta bibi harusi ameketi, miguu ndani ya beseni la maji baridi.

"Shangazi, nilitembea kutoka saluni na viatu vile virefu," alisema. "Sasa haviingii hata kwa mafuta."

Miguu ilikuwa imevimba. Pembeni zilikuwapo ndala zake bapa za kila siku. Mama yake alilitazama gauni, akazitazama ndala, akakumbuka alichosema kwenye simu.

"Wifi, ungelimaliza kule…"

"Angelikuwa anafagia ukumbi nalo. Lete kiti nikae. Wewe mwanangu, simama, vaa hizo ndala."

Fundi akachomoa pini moja baada ya nyingine, akapandisha kitambaa vidole vitatu, akatunga uzi.

"Usichezecheze," alisema. "Kwa leo tumetembea vya kutosha, mimi na wewe."