Jua Lililotoka Majini

Shehe wetu aliponiomba niandike maelezo ya video ya kuwakumbusha watu swala ya alfajiri, alinipa sharti moja: tusipige picha hata moja sisi wenyewe. Zote zitoke kwenye mtandao, zile za bure ambazo wenyewe wameruhusu yeyote azitumie. Pesa hatukuwa nazo, kweli, lakini sababu haikuwa pesa. Miaka ile hapa Rumonge, upande wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, mtu aliyeinua simu kuelekea ziwani asubuhi alikuwa anajitafutia balaa. Mashua zilikuwa zikivuka kwenda na kurudi Kongo, nyingine zimebeba watu wanaokimbia, nyingine zikisemekana zimebeba silaha, na vijana wenye bunduki walitaka kujua nani anapiga picha na anampelekea nani. Wengine walikataa kuiita vita. Mimi nilikuwa msichana wakati wa vita vile virefu vya kwanza, na nilijua hiki ni kitu gani.

Watu waliacha kwenda msikitini gizani. Ndiyo maana shehe alitaka video: mtu aamke, aione kwenye simu, aswali nyumbani kwake, moyo utulie. Alinichagua kwa kuwa nilifundisha madrasa na mwandiko wangu unasomeka. Binamu yangu wa Bujumbura alikuwa na kompyuta. Mimi ningeandika onyesho moja moja, yeye angetafuta picha, aziunganishe, atutumie.

Niliandika hivi. Onyesho la kwanza: anga ya buluu iliyokolea, mwanga mwembamba chini, jua lisionekane. La pili: mikono inatiwa maji kwa birika, sura isionekane. La tatu: mswala umetandikwa karibu na dirisha. La nne: milima, mwanga unaanza kuja nyuma yake, na hapo video iishe kabla jua halijatoka. Hilo nililipigia mstari. Swala ya alfajiri mwisho wake ni jua kuchomoza. Ukimwonyesha mtu jua, unamwambia amechelewa. Muziki hakuna. Sauti ya maji, basi. Kila kitu kiende polepole.

Nilidhani kazi imekwisha. Binamu akaanza kunitumia picha nichague, na hapo ndipo nilipojua kwamba utulivu wa watu wengine unaweza kukutoa jasho. Alinitumia ukungu mzuri juu ya vilima, nami nikaona moshi wa nyumba. Alinitumia ndege wakiruka wote kwa pamoja kutoka kwenye miti, nikashtuka na kutafuta mlio uliowarusha. Alinitumia kijiji kilichopigwa picha kutoka juu, paa zote zimelala kimya, nikajiuliza ni nani huyo anayetuangalia. Nilikataa zote. Binamu akaniandikia, "Dada, we unaogopa hata ndege?" Nikamjibu ndiyo, hata ndege.

Mwishowe alichoka. Kwa onyesho la nne hakupata milima aliyoipenda, akaweka picha aliyoichagua mwenyewe bila kuniuliza, na kabla sijaiona shehe alikuwa ameisambaza video mtaa mzima. Nilipoifungua nilitaka kulia kwa hasira. Picha ilikuwa ya maji mapana, mashua tano au sita zimefungwa ufukweni, na jua jekundu likitoka majini. Tena ilikuwa picha ya kuharakishwa, jua linapanda mbio kama linafukuzwa. Makosa matupu! Jua limeshatoka, swala imepita. Na sisi watu wa ufuko huu jua letu hutoka nyuma ya milima; ziwani linazama. Mtu wa Rumonge akiona jua juu ya maji anafikiria magharibi. Mume wangu alicheka, akaiacha kwenye simu yake.

Yeye alikuwa akinunua samaki aina ya mukeke kwa wavuvi wa Magara na kuuza sokoni. Asubuhi ya kesho yake niliomba anipakie kwenye pikipiki, kwa sababu kubaki nyumbani peke yangu kulinitisha kuliko barabara. Tuliswali, tukatoka kulipopambazuka. Kabla ya Magara tulikuta kamba imefungwa kukatiza barabara, na vijana wanne wenye bunduki.

"Amahoro, shefu," mume wangu alimsalimu aliye mbele, akimwita mkubwa.

"Telefone," alisema mmoja wao. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha.

Mume wangu akampa. Kijana akafungua picha, akafungua video. Nikasikia maji yanamiminika kutoka kwenye birika, na nilijua kitu gani kinafuata. Nikashika kiti cha pikipiki.

"Hii iko wapi?" aliuliza.

"Ni ya swala, shefu. Ya kuamsha watu."

"Nauliza hii beach iko wapi. Hizi mashua ni za nani? Ulifilme wewe?"

"Si mimi. Ilitoka kwa internet. Ya bure."

"Ya bure!" Akawaita wenzake. "Anafilme mashua, anasema ya bure."

Wawili wakamshika mume wangu mikono, wakamkalisha chini. Mmoja akamvua mkanda. Nilikuwa nimeshawahi kusikia, katika vita vya kwanza, kwamba wakikuvua mkanda, suruali hutaihitaji tena. Niliona mdomo wake unatembea bila sauti, nikajua anasoma shahada.

Kisha akasema, polepole, kama anavyowaeleza wateja bei, "Shefu, angalia tena. Jua linatoka wapi?"

"Kwa maji."

"Linashuka ao linapanda?"

Kijana akaitazama tena. Jua likapanda mbio, vilevile lilivyoniudhi.

"Linapanda," alisema.

"Sasa geuka, shefu. Hapa kwetu linapandia wapi?"

Kijana akageuka. Nyuma yake, juu ya milima, kulikuwa kumeanza kung'aa. Akaangalia ziwa, ambalo lilikuwa bado na giza upande wa Kongo, akaangalia simu. Kisha akaitupa simu kwenye mapaja ya mume wangu.

"Mwende."

"Murakoze, shefu," nilishukuru mimi, huku nikimwinua mume wangu. Mkanda hatukuuomba.

Jioni ile shehe alikuja na malalamiko ya waumini, nami niliyatarajia. Jua limetoka, video inapotosha, tuirudishe kama nilivyoandika: anga ya buluu na milima, bila jua. Alikuwa na haki kidini. Mimi nilikuwa na hofu yangu. Buluu ya alfajiri haina anwani. Milima yenye giza inaweza kuwa ya hapa hapa, na atakayesimamishwa na simu yake atageuka aonyeshe nini?

Sikulala vizuri, na asubuhi nikamwandikia binamu onyesho la nne upya. Milima, mwanga unaanza nyuma yake, jua lisionekane, mashua isiwepo. Na kila kitu kifunikwe na theluji, miti, mapaa, njia, nyingi iwezekanavyo. Alijibu kwamba theluji za bure ziko tele.

Basi miezi ile yote, mtaa wetu, watu ambao hawajawahi hata kuona mvua ya mawe ikikaa chini, waliamka na kutia udhu wakiangalia theluji. Bibi mmoja jirani yangu aliniuliza ni unga gani ule umemwagika. Nilimwambia ni baridi ya nchi za mbali. "Na mbona umetuwekea?" akauliza. Nikamwonyesha mume wangu, aliyekuwa uani anafunga suruali yake kwa kamba, anajiandaa kwenda Magara.