Ruhusa ya Kupiga Kelele

Dada yangu Esnath alijifungua watoto watano bila kutoa sauti. Hapa Iyunga wanawake wa rika lake wanalijua hilo, na wanalisema kama watu wanavyosema fulani alijenga nyumba. Mara ya mwisho, pale zahanati, nesi alikuwa bado anakunywa chai wakati mtoto anatoka. Alipogeuka akamkuta Esnath anamfuta mtoto kwa khanga.

Mabinti zake aliwafundisha hivyohivyo. Joyness alipojifungulia Iringa, Esnath alikaa nje ya wodi na chupa ya uji na beseni la nguo. Aliposikia kilio kutoka ndani, akamwambia mwanamke aliyeketi jirani, "Huyo si wangu." Na kweli hakuwa Joyness.

Ikupa, wa mwisho, yuko Uingereza na mume wake Asukile. Mimba yake ya kwanza ilipofika mwezi wa nane alimwandikia mama yake barua kwa mkono, akaipiga picha, akaituma kwenye simu yangu, kwa kuwa simu ya Esnath ni ya vitufe tu. Nilimkuta dada anamenya viazi.

"Soma, Anyitike. Polepole, usiruke."

Nikasoma.

"Mama, nimeandika kwa sababu kwenye simu nikikusikia ninalia, halafu sisemi nilichotaka. Ninaogopa kuzaa huku. Asukile anafanya kazi usiku kwenye nyumba ya wazee. Huku huendi hospitali uchungu ukianza tu. Unapiga simu kwanza, mkunga anakuuliza maumivu yanakuja kila baada ya muda gani, chupa ya uzazi imepasuka au bado, unaona damu, mtoto anacheza. Kama ni mimba ya kwanza wanakwambia ubaki nyumbani, unywe panadol, uoge maji ya moto, mpaka yawe yanakuja mara tatu ndani ya dakika kumi."

Hapo kulikuwa na maneno ya mwili. Nikakohoa.

"Umezaliwa wapi wewe, kwenye gunia?" Esnath akacheka. "Soma!"

Nikasoma yale, kisha nikaendelea.

"Kuna dada wa Kinigeria kanisani, amezaa huku mara mbili. Anasema wakati unaongea na mkunga, yeye anasikiliza sauti yako. Ukiongea vizuri mpaka mwisho wa sentensi, anajua bado. Ukishindwa kuongea, ukilia, wanakuambia njoo. Mama, mimi najijua. Nikiumia nanyamaza. Ulitufundisha. Joyness alinyamaza, lakini wewe ulikuwa mlangoni, ulikuwa unamjua. Mimi nani atanijua? Naomba uniambie kwa mdomo wako kwamba naruhusiwa kupiga kelele. Ukisema wewe nitaweza."

Esnath aliosha kiazi, akakitia kwenye sufuria.

"Rekodi," akasema. Nikamshikia simu. "Ikupa mwanangu, nimesikia. Jikaze. Wenzio wote wamejikaza. Usije ukanitia aibu mbele ya Wazungu. Mungu yupo."

"Dada," nikasema, "ameomba ruhusa."

"Ruhusa ya kufanya nini? Mtoto anatokea mdomoni? Tuma."

Nikatuma.

Asukile ndiye aliyetupigia. Uchungu ulimwanza Ikupa akiwa peke yake. Alipiga simu kule hospitali akajibu maswali yote kwa adabu. Wakamwambia bado, apumzike, apige tena hali ikibadilika. Alipiga tena. Mkunga akamsifu kwamba anakwenda vizuri sana, akamwambia aendelee kuoga maji ya moto. Asukile aliporudi kutoka kazini alimkuta sakafuni bafuni, ameuma taulo, kichwa cha mtoto kimeshatoka na kitovu kimemzunguka shingoni. Wa gari la wagonjwa walimwelekeza kwa simu namna ya kukivusha kichwani. Mtoto akatoka hana pumzi. Walipofika wakampulizia hewa mpaka akavuta mwenyewe, lakini ubongo ulikuwa umekosa hewa kwa muda. Sasa amewekwa kwenye godoro la baridi, mwili wake unapoozwa kwa siku tatu ili ubongo usizidi kuharibika. Anapata degedege. Madaktari hawasemi kama atakuja kutembea.

Esnath alininyang'anya simu. "Nipe Ikupa."

Niliiweka kwenye spika maana yeye hajui kuishika.

"Shikamoo mama," Ikupa akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya ndizi. "Nilijikaza."

"Mwanangu, kwa nini hukupiga kelele? Wangekuja!"

"Basi lia," Esnath akasema, na yeye mwenyewe alikuwa ameshaanza. "Lia mama, nimekuruhusu. Piga kelele nikusikie."

Tulisikia mashine fulani inalia kule kwa mbali, na mtu anaongea Kiingereza.

"Sasa nimlilie nani, mama?" akasema, akakata simu.